Kula na Kulala Bure Kasulu, au Keshi Kibondo? Hesabu ya Huyu Binti Imekosewa

Wadau wa Kigoma, stori ya yule binti wa Kibondo anayecheza video mbele ya duka la mama yake mnaijua. Wiki hii amepata dili mbili za kazi za ndani na watu wamegawanyika. Ya kwanza iko Kasulu, kwa bosi mwenye nyumba kubwa: 80,000 kwa mwezi, kula, kulala, na nauli ya kwenda kusalimia nyumbani. Ya pili iko palepale Kibondo, kuwapikia na kuwafanyia usafi wafanyakazi wa mashirika waliopanga nyumba moja: 140,000 keshi, hakuna kingine, hata chai ajitegemee.

Mashoga zake wote wanasema Kasulu. Hesabu yao ni hivi: chumba 25,000, chakula 60,000, jumlisha na ile 80,000 unapata 165,000. Kibondo imepigwa bao, mjadala umefungwa.

Sasa ngoja. Huyu binti hajapanga chumba. Analala kwa mama yake. Kitanda cha Kasulu kinamwokolea sifuri, kwa sababu hicho cha nyumbani halipii. Na chakula? Nyumbani anachangia kama 40,000 ya unga, maharage na dagaa. Hiyo ndiyo bei ya chakula cha bosi kwake, siyo 60,000 ya mtu anayekula kwa mama ntilie. Kwa hiyo Kasulu kwake ni 120,000. Chakula na malazi ya ofa yanahesabiwa kwa pesa ambayo wewe ungetoa mfukoni, siyo kwa bei ya sokoni.

Hata serikali iliwahi kukipa kitanda bei. Agizo la mishahara la 2022, lililoanza kutumika Januari 2023, liliweka kima cha chini cha 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala hapohapo. Yaani kulala ndani kulihesabiwa nusu ya mshahara, uwe umeokoa kitu au hujaokoa.

Lakini 20,000 ya tofauti siyo ishu kubwa. Ishu ni saa. Kibondo ni saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku 26, yaani saa 208. Gawanya 140,000, ni kama 673 kwa saa. Kasulu bosi kasema mwenyewe: kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri watoto waende shule, kufunga jiko saa tatu na nusu usiku, kupumzika mchana saa tatu, Jumapili mbili tu za mapumziko kwa mwezi. Hizo ni saa 13 kwa siku 28, jumla 364. Ile 120,000 inakuwa kama 330 kwa saa. Nusu! Na hapo hajaamshwa usiku mtoto akilia, maana ukilala kwenye nyumba ya mtu hakuna anayekuuliza kama umeshatoka kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku. Anayelala kazini anaweza kushushiwa hadi saa 8, ila kwa makubaliano ya maandishi. Tena inataka saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, kwa hiyo hizo Jumapili mbili hazitoshi. Sheria hiyohiyo inataka mwajiri aandike malipo na marupurupu yote yasiyo ya pesa. Bosi wa Kasulu ameyasema yote kwa simu. Hiyo nauli, kwa mfano, ni ya kila mwezi au ya Krismasi tu? Ukikosana naye Jumanne jioni, kitanda kinaisha lini? Kwenye keshi ukifukuzwa unapoteza kazi. Kwenye kula na kulala unapoteza kazi, sahani na paa kwa mpigo mmoja, tena ukiwa mji wa watu na begi mkononi.

Kuna ambaye Kasulu inamfaa kweli. Binti wa kijijini asiye na ndugu mjini, akichukua ya Kibondo atalipa chumba 25,000 na chakula 60,000, abaki na 55,000. Huyo, 80,000 ya Kasulu inamzidishia akiba, mradi Jumapili zirekebishwe na yote yaandikwe. Lakini huyu wa kwetu saa tisa akitoka anasuka nywele, na wateja anao tayari. Mwenye kuamka na watoto wa bosi atamsuka nani, saa ngapi?

Juzi amemtumia bosi meseji akiomba saa za kazi, Jumapili na nauli viandikwe kwenye karatasi. Tiki mbili za bluu zimeshatokea. Jibu bado.