Kura 36 zilitosha au hazikutosha? Soma kumbukumbu za mkutano mkuu wa chama chako

Ikiwa chama chako cha ushirika hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, sheria ya Kenya inakitaka kifanye mkutano mkuu wa mwaka ndani ya miezi minne, yaani kabla ya mwezi Aprili kwisha. Wanachama wanatakiwa kupewa taarifa ya maandishi angalau siku 15 kabla ya mkutano. Wengi wetu tunaijua siku hiyo kwa hotuba, chakula na uchaguzi. Wachache ndio hurudi baadaye kuuliza: katibu aliandika nini?

Swali hilo lina uzito zaidi sasa katika Kakuma na Kalobeyei. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa tena, na kaya zikagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali ya Kenya Machi 2025, unataka wakimbizi na wenyeji wajitegemee pamoja. Pesa ambazo zamani zilikuwa za chama kidogo cha kuweka na kukopa sasa ni karo ya shule, mtaji wa duka na akiba ya matibabu. Zikigombaniwa, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa katibu, na karatasi ya kwanza kutafutwa itakuwa kumbukumbu za mkutano mkuu.

Tuanze na haki yako. Sheria ya Vyama vya Ushirika, Sura ya 490, inampa kila mwanachama haki ya kupata taarifa halali za chama katika ofisi kuu ya chama. Kumbukumbu za mikutano mikuu zimetajwa humo, pamoja na hesabu za mwaka. Kwa hiyo ukienda ofisini kuomba kuzisoma, huombi fadhila ya mwenyekiti. Unatumia haki ile ile aliyonayo mwanachama mwenye hisa nyingi kuliko wote, kwa sababu katika ushirika kila mtu ana kura moja tu, awe na hisa 2 au 200.

Ukishazipata, usizisome kama hadithi. Zisome kwa hesabu. Tuchukue mfano tuliotunga ili kueleza jambo hili.

Azimio la kufungua mlango kwa wenyeji

Fikiria chama cha wakulima wa mboga chenye wanachama 150, wote wakimbizi wa kijiji kimoja cha makazi. Sheria ndogo za chama zinasema akidi ni theluthi moja ya wanachama, yaani watu 50. Siku ya mkutano wanachama 64 wanatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio. Akidi imetimia na mkutano unaanza.

Ajenda ya sita ni pendekezo la kubadilisha sheria ndogo ili wakulima wenyeji wanaoishi jirani waweze kujiunga. Ni jambo zito. Wanaounga mkono wanasema wenyeji wana ardhi na soko, na chama kitakuwa na nguvu zaidi. Wanaopinga wanahofu kwamba baada ya miaka michache uongozi wote utahama kutoka mikononi mwao. Mjadala unachukua saa mbili, na baadhi ya watu wanaondoka kwenda kuchota maji au kuangalia watoto. Kura zinapopigwa, waliobaki ukumbini ni 57. Wanaosema ndiyo ni 36, wanaosema hapana ni 17, na 4 hawapigi kura upande wowote.

Je, azimio limepita? Sheria ndogo za chama hiki zinasema mabadiliko ya sheria ndogo yanahitaji theluthi mbili ya wanachama "waliohudhuria na kupiga kura". Waliopiga kura ni 36 na 17, jumla 53. Theluthi mbili ya 53 ni 35 na kitu, kwa hiyo zinahitajika kura 36. Azimio limepita kwa kura hiyo moja ya mwisho.

Sasa badilisha hesabu kidogo. Mtu akichukua watu wote 57 waliokuwa ukumbini, zingehitajika kura 38, na azimio lingeanguka. Akichukua 64 waliotia sahihi asubuhi, zingehitajika 43. Ni mkutano ule ule na mikono ile ile iliyoinuliwa, lakini majibu ni tofauti kulingana na namba iliyoandikwa.

Katibu mvivu huandika hivi: "Wanachama walijadili na kukubaliana kwamba wenyeji waruhusiwe kujiunga." Sentensi hiyo haiwezi kujibu swali hata moja. Miezi sita baadaye mmoja wa wale 17 akipinga, chama hakina cha kuonyesha.

Katibu anayejua kazi yake huandika: "Azimio Na. 6: Kifungu cha uanachama katika sheria ndogo kibadilishwe ili kuruhusu wakulima wenyeji wanaoishi ndani ya eneo la chama kujiunga. Limependekezwa na (jina na namba ya uanachama), limeungwa mkono na (jina na namba ya uanachama). Waliokuwepo wakati wa kura: 57. Ndiyo: 36. Hapana: 17. Hawakupiga kura: 4. Kura zilizohitajika: 36. Azimio limepita." Mistari hiyo michache inamlinda aliyeshinda na aliyeshindwa pia, kwa sababu wote wawili wanaweza kuihakiki.

Kuna hatua moja ambayo wengi huisahau. Mabadiliko ya sheria ndogo hayaanzi kutumika siku ya kura. Lazima yapelekwe kwa Kamishna wa Vyama vya Ushirika na kusajiliwa. Ukiwa mwenyeji na umeambiwa ulipe ada ya kujiunga wiki moja baada ya mkutano, uliza kwanza kama mabadiliko yamesajiliwa. Kabla ya hapo ada yako imelipwa kwa chama ambacho sheria zake bado hazikutambui, na siku ya kudai gawio utaambiwa jina lako halimo.

Uchaguzi: jumlisha kura

Katika mkutano huo huo, baada ya chakula, kuna nafasi moja ya kamati ya usimamizi na wagombea wawili. Matokeo yaliyoandikwa ni kura 33 dhidi ya 28, na kura 2 zimeharibika. Mshindi anapigiwa makofi.

Jumlisha: 33, 28 na 2 ni 63. Lakini katika kura iliyotangulia waliohesabiwa ukumbini walikuwa 57. Kura 6 zaidi zimetoka wapi? Huenda walioondoka walirudi kula na wakabaki, na hilo ni halali kabisa kwa sababu walitia sahihi asubuhi. Huenda pia kuna waliopiga mara mbili. Tofauti ya wagombea ni kura 5 tu, ndogo kuliko zile kura 6 zisizoelezwa. Kama katibu angeandika "waliokuwepo wakati wa uchaguzi: 63", shaka isingekuwepo. Asipoandika, mshindi halali ataongoza huku akinong'onwa, na aliyeshindwa atakuwa na sababu ya kweli ya kulalamika.

Tazama pia kilichochaguliwa. Katika vyama vingi mkutano mkuu huchagua wajumbe wa kamati, kisha kamati yenyewe hukutana na kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kutoka miongoni mwao. Kikao hicho cha kamati kina kumbukumbu zake. Ukisoma kumbukumbu za mkutano mkuu na hukumwona mweka hazina mpya, usidhani umeibiwa. Soma sheria ndogo zenu kwanza, kisha uombe kumbukumbu za kikao cha kwanza cha kamati.

Benki husoma majina

Makazini kuna tatizo ambalo vyama vya mijini hulipata mara chache. Mweka hazina anaweza kupata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu na kuondoka baada ya taarifa ya muda mfupi. Akiwa mmoja wa watia sahihi wa akaunti, pesa za chama zinaweza kukwama benki mpaka atolewe na mwingine aingizwe. Kwa kawaida benki itataka nakala ya kumbukumbu yenye azimio hilo, iliyotiwa sahihi na viongozi.

Hapo maneno "tulimchagua Mama Neema achukue nafasi" hayatasaidia. Benki inalinganisha jina lililo kwenye kumbukumbu na lililo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, herufi kwa herufi. Anayeitwa Neema mtaani anaweza kuwa na majina matatu mengine kwenye kitambulisho, na yakawa yameandikwa kwa tahajia ambayo yeye mwenyewe haitumii. Azimio zuri linataja jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, linasema nani anaondolewa na nani anaingia, linataja akaunti, na linaeleza ni sahihi ngapi kati ya zilizopo zinazohitajika kutoa pesa. Likikosa moja kati ya hayo, viongozi wanaweza kurudishwa kuitisha kikao kingine huku wanachama wakisubiri mikopo yao.

Ukikuta kosa

Kumbukumbu husomwa na kuthibitishwa katika mkutano mkuu unaofuata. Huo ndio wakati wa kusimama na kusema: "Ukurasa wa tatu, namba ya waliosema hapana ilikuwa 17, imeandikwa 7." Kosa likikubaliwa, linasahihishwa, na marekebisho yenyewe yanaandikwa. Kuthibitisha kumbukumbu maana yake ni kukubali kwamba zimeandika kweli kilichotokea. Si nafasi ya kupiga kura upya juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa, na mwenyekiti akiligeuza hivyo, mpinge kwa heshima.

Ikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza na hukisomi, omba zisomwe kwa Kiswahili, Kiturkana, Kisomali au lugha nyingine ya wanachama kabla ya kuthibitishwa. Hakuna anayeweza kukubali ukweli wa maneno asiyoyaelewa.

Lakini usingoje mwaka mzima kama kosa linahusu pesa au uchaguzi. Mwandikie katibu barua, ubaki na nakala yenye tarehe. Usipojibiwa, nenda kwa afisa wa ushirika wa kaunti ukiwa na nakala hiyo. Mgogoro usipomalizika huko, kuna Baraza la Ushirika ambalo sheria imeliunda kusikiliza migogoro ya wanachama na vyama vyao. Mswada wa Vyama vya Ushirika wa 2024 ulipelekwa katika Bunge la Kenya, kwa hiyo unapomwona afisa, muulize pia ni vifungu gani vinatumika sasa.

Mkutano wenu wa mwaka huu ukifika, kaa karibu na katibu wakati wa kuhesabu. Andika namba tatu kwenye daftari lako: waliokuwepo, ndiyo, hapana. Kumbukumbu zikitoka, zilinganishe.