Ndege Imekatwa, Hoteli Imekula Pesa: Barua Gani Italipwa?

Barua ya kwanza ya binamu yangu ilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma ofisi. Aliiandika usiku kwenye simu, akaipeleka saiba moja pale Moi Avenue ichapwe, kisha akanitumia niipitie kabla hajaipeleka. Alikuwa anadai arudishiwe nauli yote, shilingi 32,000. Juu yake euro 600 "kwa mujibu wa sheria". Na shilingi 150,000 za mateso ya moyo.

Nilimwambia kwamba hiyo barua inaweza kujibiwa na mtu wa mapokezi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa alikuwa asafiri kutoka JKIA kwenda Unguja saa moja kasorobo jioni. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, akiwa tayari ameshakaguliwa, simu ikalia: safari imefutwa kwa "sababu za kiutendaji", umehamishiwa ndege ya kesho saa moja asubuhi. Hakupewa chakula wala mahali pa kulala, eti kwa sababu anaishi Nairobi. Akachukua teksi hadi Kangemi, akalala saa nne hivi, akaamka saa tisa usiku kuitafuta nyingine. Huko Mji Mkongwe, chumba alichokuwa amekilipia kililala bila mtu.

Tuanze na hizo euro 600, maana vijana wengi wananaswa hapo. Ukitafuta mtandaoni mfano wa barua ya kudai fidia, nyingi utakazopata zimeandikwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya. Sheria hiyo ipo kweli, na inalipa kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali. Lakini inamlinda anayeondokea uwanja wa Ulaya, au anayekwenda Ulaya kwa shirika la huko. Nairobi kwenda Unguja haimo kabisa. Na hata ingekuwamo, safari isiyozidi kilomita 1,500 ni euro 250, kwa hivyo jamaa alikuwa amenakili vibaya hata kitu kisichomhusu.

Kinachomhusu ni Mkataba wa Montreal wa 1999. Kenya na Tanzania zote ni wanachama, na unasimamia safari za ndege kati ya nchi na nchi. Huu haukupi kiasi fulani kwa sababu tu ulisumbuliwa. Kifungu cha 19 kinasema shirika litalipa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia, au kwamba hazikuwezekana. Soma tena hapo: lithibitishe. Mzigo wa kueleza ni wa shirika. Wewe kazi yako ni kuonyesha hasara.

Hapo ndipo nauli inapotoka kwenye barua. Alisafiri Jumamosi, akafika, akaogelea. Hawezi kukubali ndege ya pili halafu adai pesa za tiketi kama mtu ambaye hakupanda. Angekataa ile ya kesho, hilo lingekuwa dai tofauti, la huduma iliyolipiwa isitolewe. Alichochagua ni kufika akiwa amechelewa, basi adai kilichotokana na kuchelewa. Zile 150,000 nazo zikaanguka: kifungu cha 29 hakiruhusu fidia ya kumwadhibu mwenye ndege. Hilo liliniuma hata mimi, kwa sababu adhabu alistahili.

Tukakaa na simu yake, tukahesabu kilichobaki. Hoteli 9,600. Teksi ya kurudi Kangemi 1,700. Teksi ya alfajiri 1,900. Chakula cha pale uwanjani 850. Jumla shilingi 14,050. Teksi ya kwanza kabisa, ile ya Ijumaa mchana, hatukuiweka kwa sababu angeilipa hata kama ndege ingeruka kwa wakati. Ukiiweka, unampa mtu wao sababu ya kutilia shaka mengine yote. Risiti ya chakula hakuwa nayo, lakini alilipa kwa M-Pesa, na ule ujumbe una tarehe, saa na jina la mkahawa.

Hoteli ndiyo ilikuwa na utata. Risiti ya kulipa haitoshi. Shirika litauliza: ulifanya nini kupunguza hasara? Bahati nzuri, saa mbili usiku alikuwa amewaandikia hoteli kwenye WhatsApp akiomba usiku ule usogezwe mbele. Wakamjibu kwamba bei aliyochukua haibadilishwi. Majibizano hayo mawili yana thamani kuliko aya nne za malalamiko. Yalimsaidia pia kwa njia nyingine ambayo hakuifikiria: ukikosa kutokea bila kusema, hoteli nyingine hufuta hata siku zako zilizobaki.

Barua mpya ikawa ukurasa mmoja. Juu, namba ya tiketi, namba ya safari na tarehe. Kiini chake kikawa hivi:

"Safari yangu ilifutwa saa moja hivi kabla ya kuondoka, nikafika siku iliyofuata. Kwa sababu hiyo nilipoteza shilingi 14,050 kama nilivyoorodhesha, na ushahidi wa kila kipengele umeambatishwa. Nadai kiasi hicho chini ya kifungu cha 19 cha Mkataba wa Montreal. Kama mnakataa, naomba mnieleze kwa maandishi sababu halisi ya kufuta safari na hatua mlizochukua kuizuia. Naomba jibu ndani ya siku 21."

Sentensi ya nne ndiyo yenye meno. "Sababu za kiutendaji" si sababu, ni pazia. Nyuma yake panaweza kuwa na rubani aliyeishiwa saa za kazi, ndege iliyoharibika, au abiria wachache. Kila moja ina jibu lake. Wakumbuka 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege walipogoma JKIA kwa sababu ya mpango wa Adani? Siku kama hiyo shirika lina la kujitetea, kwa kuwa mgomo haukuwa wa watu wake. Kukosa kupanga marubani vizuri ni hadithi nyingine.

Akapanda matatu hadi tauni na nakala mbili. Moja akawaachia, ya pili wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Barua pepe akatuma pia, lakini muhuri haupotei kwenye takataka za kompyuta.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tisa: kwa masharti ya tiketi, hatulipii hoteli. Kifungu cha 26 cha mkataba kinasema sharti la kujivua wajibu huo ni batili, akawaandikia hivyo kwa mistari mitatu. Siku ya kumi na saba wakampa vocha ya shilingi 10,000, itumike ndani ya miezi sita, na fomu ya kusaini kwamba hana dai lingine lolote.

Hajasaini. Siku 21 zikiisha, anaweza kulalamika kwa KCAA. Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani nayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kukulazimisha kuwa na wakili, ingawa aulize kwanza pale masijala, maana mawakili wa mashirika hupenda kudai kwamba mambo ya ndege yana jopo lake. Muda anao: mkataba unampa miaka 2 tangu siku ya kufika. Ile fomu ameikunja, iko kwenye droo pamoja na risiti.