Usiweke "usafiri" kwenye akaunti moja

Wadau, wengi mnapoanza daftari la hesabu mnaandika akaunti kwa namba 1, 2, 3 kadiri matumizi yanavyojitokeza. Mimi siafiki. Baada ya miezi miwili bando inakaa katikati ya mtaji na deni la mtu, na ukitaka kujumlisha unaanza kuokota mojamoja.

Namba ya kwanza iseme kundi. Utaratibu unaotumika sana ni huu: 1000 ni mali (pesa ya M-Pesa, stoku), 2000 madeni unayodaiwa, 3000 mtaji wako, 4000 mauzo, 5000 gharama ya bidhaa yenyewe, 6000 matumizi ya kuendesha biashara. Ndani ya kundi ruka kwa mia: 6100, 6200, 6300. Kesho ukianza kulipia matangazo, unayapa 6310 jirani na bando, hakuna cha kufuta.

Sasa penye utata ni 5000 na 6000, na hapo usafiri ndio unaponza watu. Chukua dada anayeuza magauni mtandaoni akiwa Mwanza, mzigo anaagiza Kariakoo. Amenunua 40 kwa 15,000, jumla 600,000. Basi limemtoza 80,000 kuleta mzigo. Ameyauza yote kwa 25,000, kapata milioni moja. Boda wa kupelekea wateja wamekula 100,000.

Akiandika "usafiri 180,000" pamoja kule 6000, faida ghafi inasoma 400,000, yaani 10,000 kwa gauni. Anaamini gauni linamgharimu 15,000. Anakuja mteja wa jumla, anataka 10 kwa 16,500 na atayafuata mwenyewe. Si bado kuna 1,500? Anakubali. Kumbe kila gauni lilishabeba 2,000 za basi, gharama halisi ni 17,000, kapoteza 500 kwa kila moja!

Dawa ni kugawa. Nauli ya mzigo kuja kwako iwe 5200, chini ya 5100 ya manunuzi. Boda kwenda kwa mteja iwe 6100. Kipimo chake rahisi: jiulize, mteja akija kuchukua mwenyewe, gharama hii ingekuwepo? Kama ndiyo, na inaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, iko 5000. Bando ipo hata usipouza kitu, hiyo ni 6000. (Kama mzigo haujaisha, magauni yaliyobaki yakae 1300 ya stoku kwa 17,000, siyo 15,000.)

Na usifungue akaunti kwa kila rangi na saizi, hiyo ni kazi ya daftari la stoku. Akaunti kumi na tano hivi zinamtosha muuzaji wa peke yake. Fungua mpya pale tu jibu lake litakapobadilisha bei unayopanga au unachonunua.