Kamina: tarehe ziseme, lawama zinyamaze

Huko Kamina, mvua hazingojei nyumba imalizike. Ndiyo maana fundi anayejua kwamba kazi itachelewa anapaswa kumwambia mwenye nyumba mapema, wala si siku ya kukabidhi funguo.

Chukua mfano wa paa. Mchoro ulitumwa tarehe 1 Agosti, jibu lilitarajiwa tarehe 5, likafika tarehe 19. Bila jibu hilo mabati hayawezi kuagizwa Lubumbashi, maana vipimo vinaweza kubadilika. Siku 14 zimekwenda. Kusema “Baba, ni wewe uliyechelewesha” kutaleta ugomvi tu. Afadhali fundi aandike: “Baba, mchoro ulikubaliwa tarehe 19, kwa hiyo mabati yameagizwa tarehe 20. Kazi ya tarehe 20 Septemba itaisha tarehe 6 Oktoba. Siku 14 ni za kungojea jibu, 2 ni zetu: maseremala walikosekana.”

Siku hizo 2 zisifichwe. Mwenye nyumba akizigundua mwenyewe, hataamini zile 14.

Barua imalizie kwa swali: rangi ya mabati ithibitishwe lini? Tarehe hiyo ikipita, siku zitaongezeka tena.