Siri Kati ya Mshtakiwa na Wakili Wake

Wapo askari wengi ambao, wakishtakiwa kwa kosa la jinai, humwogopa wakili wao kuliko wanavyomwogopa mwendesha mashtaka. Humdhania kuwa ni jicho jingine la serikali, hasa ikiwa amelipwa na serikali au naye pia huvaa magwanda. Hivyo humpa nusu ya habari na kuificha nusu iliyobaki, nayo nusu hiyo iliyofichwa mara nyingi ndiyo ambayo ingewaokoa.

Tuchukue mfano wa koplo aliye lindoni usiku. Watu wawili wanaruka ua, na mmoja wao anamkata mkononi kwa panga. Koplo anapiga risasi tatu; yule mwenye panga anaanguka na kufa, mwenzake anatoroka. Kwa hofu, koplo anamwambia wakili wake kwamba alikuwa amelala na hakufyatua risasi hata moja. Wakili anaamini, naye anaijenga kesi nzima juu ya maneno hayo. Siku ya kusikilizwa, upande wa mashtaka unaleta daftari la bohari ya silaha: koplo alipewa risasi 30, akarudisha 27. Kisha analetwa mganga wa zahanati aliyemshona jeraha asubuhi ile. Sasa koplo anataka kusema kweli, kwamba alikuwa akiitetea roho yake. Lakini mahakama imekwisha kusikia hadithi ya kwanza, na kila aliyemo ukumbini anaiona hii ya pili kuwa imebuniwa baada ya kunaswa. Lau angalisema tangu mwanzo, daftari lile na jeraha lile vingalikuwa ushahidi wake mwenyewe, na wakili angalipata nafasi ya kulitafuta lile panga kabla halijapotea.

Je, wakili angaliweza kumsaliti? Sheria ya Ushahidi ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1909 kwa kufuata ile ya Uhindi ya mwaka 1872, inamkataza wakili kufichua lolote aliloambiwa na mteja katika kazi yake ya uwakili, isipokuwa mteja mwenyewe aridhie waziwazi. Katazo hilo halikomi kesi inapokwisha, na linawafunga pia makarani wake na wakalimani. Mtu akimwambia wakili, "Nimeghushi hati, naomba unitetee," maneno hayo yamelindwa, kwa kuwa kumtetea mkosaji si kosa.

Uzito wa kanuni hii ulipimwa Uingereza mwaka 1995. Kijana mmoja alikuwa amekiri kwa polisi mauaji yaliyotokea mwaka 1978, kisha akabadili maneno na kumtaja baba wa kambo, naye akaachiliwa na mahakama. Miaka mingi baadaye baba huyo wa kambo aliposhtakiwa, mawakili wake walitaka kuona kijana yule aliwaeleza nini mawakili wake wa zamani. Mahakama ya juu kabisa ilikataa. Ilisema kwamba siri ikivunjwa hata mara moja kwa sababu nzuri, hakuna mshtakiwa atakayethubutu tena kumweleza wakili kweli yote.

Hata hivyo, kinga hii ina mipaka yake. Anayemwomba wakili amsaidie kutenda kosa jipya, au kuitumia ile hati ya kughushi mahakamani, hana siri. Wakili akigundua kwamba daftari la hesabu limechezewa tangu alipoanza kazi, jambo hilo nalo halilindwi. Bunduki iliyotumika haigeuki kuwa siri kwa kukabidhiwa wakili. Na mshtakiwa aliyemkiria wakili kosa lake asitazamie wakili huyo amsimamishe kizimbani aseme uongo. Wakili anaweza kuuhoji na kuupima ushahidi wa mashtaka, maana ni juu ya serikali kuthibitisha kosa. Lakini hawezi kuleta mashahidi wa kutunga, na akishurutishwa atajitoa.

Yafaa pia ieleweke kwamba kinga ni ya wakili, wala si ya kila msikilizaji mwema. Yale unayomwambia rafiki wa bwenini, kamanda wako, au mahabusu mwenzako yanaweza kuletwa mahakamani. Tumeona askari waliokuwa mabubu mbele ya wakili lakini wasemaji hodari katika kantini! Mazungumzo yenyewe yafanyike faraghani. Ukiona kuna mtu amesimama karibu, mwombe wakili aahirishe.

Hapo ndipo askari polisi na walinzi wa magereza wanapohusika. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya mawakili, za mwaka 1990, zinaruhusu mahabusu aonekane na mlinzi wakati anapozungumza na wakili, lakini asisikike. Basi mlinzi na asimame mbali kiasi cha kuiona mikono ya mahabusu pasipo kuyapata maneno yake, na mlango wa kioo au dirisha lililo wazi upande wa uani vyatosha kwa kazi hiyo.