Roshani haishikiliwi na nondo za chini

Mwandishi wa "Ramani za bei nafuu" anashauri nondo zote za roshani ziwekwe chini, "kama za sakafu." Ushauri huo unaua. Sakafu imeegemea pande mbili, ikilemewa huvutika upande wa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, hivyo hupasukia juu, palepale ukutani.

Chukua roshani inayotokeza mita 1.2, zege nene la milimita 150. Nondo kuu zikae juu, zikifunikwa na zege la milimita 25, kisha ziingie ndani ya sakafu walau mita 1.8, yaani mara moja na nusu ya kitokezi. Kuishia kwenye boriti hakutoshi. Zipandishwe juu ya viti vya chuma, maana mafundi huzikanyaga wakimwaga zege (na hakuna anayekiri). Zikishuka milimita 50, nguvu hupungua kwa takriban asilimia 40.

Mwandishi huyo pia anaita kijifereji cha chini ya ukingo "urembo." Bila hicho, maji ya mvua hutambaa chini ya zege hadi ukutani. Ili kukipata, pigilia ufito kwenye mbao za fomu kabla ya kumwaga.

Mwenye nyumba, kagua nondo kabla zege halijaja.