Pikipiki Iliyonunuliwa Katikati ya Mwaka: Usiitoze Miezi Ambayo Haikufanya Kazi

Kila Desemba tunaulizwa swali moja na wateja wetu wa Migori na Homa Bay ambao wana biashara ndogo za kupeleka bidhaa: "Pikipiki nimenunua juzi tu, Juni. Niikate pesa ngapi kwa hesabu ya mwaka huu?" Linaonekana swali dogo, lakini jibu lake linaweza kukufanya uamini biashara yako inakula hasara wakati ina faida, au uamini una faida kubwa na uitumie pesa ambayo ingenunua pikipiki ya pili.

Sisi tuna msimamo wetu, na tutausema wazi. Kwa pikipiki inayobeba mizigo kila siku, tunapendelea hesabu ya salio linalopungua kuliko ile ya mstari mnyoofu. Lakini njia yoyote utakayochagua, mwaka wa kwanza lazima ukatwe kwa miezi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Tuchukue mfano mmoja

Tuseme kuna mama anauza samaki Homa Bay mjini. Ana wateja wa hoteli hapo mjini, na wengine wako Rongo na Migori. Tarehe 18 Juni 2024 ananunua pikipiki kwa shilingi 170,000, usajili ukiwa ndani ya bei. Anaongeza shilingi 10,000 kwa fundi wa kuchomelea keria na kufunga sanduku la samaki. Namba zinafika mwisho wa mwezi, na safari ya kwanza ni tarehe 1 Julai. Mwaka wake wa hesabu unaisha 31 Desemba.

Gharama ya pikipiki ni 180,000, si 170,000. Keria na sanduku ni sehemu ya kuifanya iwe tayari kwa kazi. Bima haiingii humo, kwa sababu inaisha na kulipwa upya. Hiyo ni gharama ya kipindi chake.

Siku ya kuanza kuhesabu uchakavu nayo si siku ya kulipa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa Kenya, vinasema uchakavu unaanza mali ikiwa tayari kutumika, mahali pake na katika hali yake ya kufanya kazi. Pikipiki isiyo na namba haiwezi kupeleka samaki Rongo kihalali. Kwa hiyo huyu mama anaanza kuhesabu Julai, na mwaka wa kwanza una miezi 6.

Anakadiria pikipiki itamfanyia kazi miaka 4, kisha aiuze kwa kama 36,000. Hiyo 36,000 ndiyo thamani ya mabaki. Ni makadirio yake mwenyewe, wewe utaweka yako.

Njia ya mstari mnyoofu

Toa thamani ya mabaki kwa gharama: 180,000 kutoa 36,000 ni 144,000. Gawa kwa miaka 4, unapata 36,000 kwa mwaka, yaani 3,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 una miezi 6, kwa hiyo uchakavu ni 18,000. Miaka ya 2025, 2026 na 2027 ni 36,000 kila mmoja. Mwaka 2028 unabaki na miezi 6 ya mwisho, 18,000. Jumla ni 144,000, na kitabu kinabaki na 36,000.

Angalia kwamba miaka 4 ya kazi imeingia katika miaka 5 ya hesabu. Ukinunua katikati ya mwaka ndivyo inavyokuwa. Ile nusu uliyoiacha mwanzoni haikupotea, utaikuta mwishoni.

Njia ya salio linalopungua

Hapa unachukua asilimia moja ile ile kila mwaka, lakini unaizidisha kwa kile kilichobaki kitabuni. Ili 180,000 ifike karibu na 36,000 kwa miaka 4, asilimia inayofaa ni kama 33. Thamani ya mabaki hutoi mwanzoni. Asilimia yenyewe ndiyo inakupeleka huko, na ukiitoa tena utakuwa umeihesabu mara mbili.

Mwaka wa kwanza ni 180,000 × 33% × 6/12, yaani 29,700. Salio ni 150,300. Mwaka 2025 unachukua 33% ya hiyo 150,300 kwa mwaka mzima: 49,599, na salio linakuwa 100,701. Mwaka 2026 uchakavu ni kama 33,231, na 2027 ni kama 22,265. Miezi 6 ya 2028 inachukua kama 7,459, na kitabu kinabaki na karibu 37,700. Tumefika jirani na 36,000, na kwa makadirio hiyo inatosha.

Sasa kuna jambo linalowashangaza watu. Wamesikia kwamba kwa njia hii mwaka wa kwanza ndio hukatwa zaidi, kisha wanaona 29,700 ikifuatwa na 49,599. Wanadhani wamekosea. Hawajakosea. Mwaka wa kwanza ulikuwa na miezi 6 tu. Ukipima kwa mwezi, 2024 ni 4,950 na 2025 ni kama 4,133. Kwa hiyo inashuka kama inavyotakiwa.

Kosa linalouma

Tuseme kuanzia Julai hadi Desemba, baada ya kutoa mafuta, mshahara wa dereva, bima na fundi, kazi ya kupeleka samaki imembakishia mama 48,000. Bado hajatoa uchakavu.

Akitoa 33% nzima, yaani 59,400, kitabu kinamwambia amepata hasara ya 11,400. Anamwita dereva na kumwambia, "Kijana wangu, hii kazi haitulipi. Afadhali tuuze pikipiki." Dereva anashangaa: "Lakini mama, si wateja wa Rongo wameongezeka?" Wameongezeka kweli. Pikipiki imetozwa miezi 6 ambayo haikuwepo. Akikata kwa miezi, uchakavu ni 29,700 na faida ni 18,300. Kwa mstari mnyoofu faida ingekuwa 30,000.

Kosa la upande wa pili ni kutokata chochote "kwa sababu bado ni mpya." Hapo anaona faida ya 48,000, anaitumia yote, na pikipiki ikichoka hana pa kuanzia isipokuwa mkopo mwingine.

Kwa nini tunachagua salio linalopungua

Wengi hutetea njia hii kwa kusema pikipiki hushuka bei haraka ikitoka dukani. Ni kweli, lakini hiyo si sababu yenyewe. Njia ya uchakavu inapaswa kufuata jinsi unavyoitumia na kuimaliza faida ya mali, si bei ya sokoni peke yake.

Pikipiki ya samaki inamalizwa zaidi mwanzoni kwa sababu mwanzoni ndipo inafanya kazi siku nyingi. Mwaka wa kwanza haijui gereji. Baadaye maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye sanduku yanakula keria na cheni, mzigo unachosha shoki za nyuma, na barabara za vumbi kutoka fuoni zinafanya kazi yao. Mwaka wa tatu pikipiki inalala kwa fundi siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo hailetei biashara kitu, na bado fundi anataka pesa.

Ukitumia mstari mnyoofu, mwaka huo wa tatu unabeba 36,000 ile ile ya uchakavu na juu yake bili za fundi zinazopanda. Kwa salio linalopungua, uchakavu unashuka wakati matengenezo yanapanda, na gharama ya pikipiki kwa mwaka haiyumbi sana. Ukipanga bei ya kupeleka mzigo leo, hutalazimika kuipandisha ghafla baadaye.

Pia ukiuza mapema hutashtuka sana. Mama huyu akiuza mwisho wa 2025 na apewe 105,000, kitabu cha mstari mnyoofu kitakuwa kinasema 126,000, kwa hiyo anaandika hasara ya 21,000. Kitabu cha salio linalopungua kinasema 100,701, kwa hiyo ana faida ndogo ya 4,299. Pesa mkononi ni zile zile. Tofauti ni kwamba njia ya pili ilimwambia ukweli mapema.

Hatusemi kila mtu afuate hivyo. Mwenye duka Migori mjini anayepeleka unga na mayai kwenye lami, safari zile zile kila wiki, na ambaye hauzi pikipiki hadi ichoke kabisa, mstari mnyoofu unamfaa na ni rahisi kukumbuka: 3,000 kila mwezi. Ushahidi uko kwenye simu yake. Fungua taarifa ya miamala, jumlisha ulichomtumia fundi miezi 6 ya kwanza, kisha miezi 6 iliyofuata. Kama bili zinakaribiana na pikipiki inafanya kazi siku zile zile, baki na mstari mnyoofu. Kama zinapanda na siku za kazi zinapungua, fuata salio linalopungua.

Ukigundua baadaye kwamba pikipiki itaishi miaka 3 badala ya 4, badilisha makadirio kuanzia hapo kwenda mbele. Usirudi kufuta miaka iliyopita.

Na KRA je?

Hesabu hii ni ya kitabu chako, na ya kodi ina kanuni zake. Kama mauzo yako kwa mwaka ni kati ya milioni 1 na milioni 25 na unalipa ile kodi ya TOT, tangu 2023 ni 3% ya mauzo yote. Hakuna gharama inayotolewa, hata uchakavu. Anayelipa kodi ya mapato ya kawaida naye hatoi uchakavu wa kitabuni. Anapewa posho ya kodi, ambayo kwa magari ni 25% kwa mwaka. Zamani ilihesabiwa kwa salio linalopungua, kisha Sheria ya Fedha ya 2021 ikaigeuza kuwa mafungu sawa. Kwa hiyo usichukue 25% ya KRA ukaifanya kipimo cha uchakavu wa pikipiki yako.

Uchakavu haumlipi mtu, wala hautoki kwenye simu yako kama malipo ya fundi au ya mkopo. Ndiyo maana ni rahisi kuusahau. Kama unataka ununue ya pili, ile 4,950 ya kila mwezi wa 2024 ihamishe kwenye akiba siku unayofunga hesabu ya mwezi, kabla hujahesabu faida.